Pampu Haijui Kisima Kina Mita Ngapi

Kijiji kikishachimbiwa kisima kirefu, swali la kwanza kijiweni huwa moja: kina mita ngapi? Mita 120, mtu hujibu kwa fahari kidogo, na wenzake huanza kuionea huruma Luku. Huruma yenyewe imekosea njia. Inachopigana nacho pampu ni umbali kutoka uso wa maji ndani ya kisima hadi mdomo wa bomba linalomwaga tankini, basi.

Tazama mrija ndani ya glasi ya juisi. Kabla hujavuta, juisi imesimama ndani ya mrija sawasawa na ile ya nje, hata mrija ukigusa chini kabisa. Pampu iliyoning'inizwa mita 100 chini iko vivyo hivyo: maji yaliyo juu yake yanajisukuma yenyewe ndani ya bomba hadi usawa wa maji ya kisima, na kazi ya kulipiwa inaanzia hapo.

Lakini usawa upi? Tuseme tuna kisima cha aina inayoweza kupatikana nyanda kavu za Dodoma. Asubuhi, pampu ikiwa imezimwa, maji yametulia mita 45 chini ya ardhi. Ukiiwasha yanaanza kushuka, kwa sababu mwamba hauachii maji kwenda kisimani mpaka usawa wa kisima uwe chini kuliko ule wa pembeni. Baada ya saa kadhaa yanasimama mita 68. Hiyo 68 ndiyo ya kuingiza kwenye hesabu. Anayetumia 45 atanunua pampu itakayoshindwa kazi. Ongeza mita 8 za mnara wa tanki, na nyingine 4 kufidia msuguano wa maji ndani ya bomba. Jumla, mita 80.

Tunataka lita 5,000 kwa saa, yaani kilo 5,000. Kupandisha kilo moja mita moja kunahitaji jouli 9.81. Zidisha 5,000 kwa 80 kwa 9.81, ugawe kwa sekunde 3,600 za saa moja, unapata wati 1,090. Ni karibu sawa na pasi ya umeme. Kwa nguvu ya pasi moja, kijiji kinapata lita 5,000 kila saa!

Hicho ndicho kinachofika kwenye maji. Kinachotoka kwenye nguzo ni zaidi ya mara mbili. Pampu nzuri ya saizi hii hugeuza takriban asilimia 60 ya inachopewa. Mengine huishia kwenye msukosuko wa maji kati ya impela, na kwenye maji yanayopenya vinafasi vyembamba na kurudi nyuma. Kwa hiyo ekseli yake inahitaji wati 1,090 gawanya kwa 0.6, takriban 1,820. Mota nayo, yenye ufanisi wa asilimia 75, inataka wati 2,420 ili itoe hizo, na tofauti inakuwa joto linalochukuliwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Waya mrefu wa kushuka kisimani unakula kidogo pia. Tuandike kilowati 2.5.

Hapa wengi huteleza. Mota ya kufunga hapa itaandikwa 2.2 kW, wakaguzi wa risiti wakishangaa mbona mita inaonyesha zaidi. Namba ile ni nguvu inayotoka kwenye ekseli mota ikifanya kazi yote, si umeme inaoula.

Kilowati 2.5 kwa lita 5,000 za saa moja ni uniti 0.5 kwa kila lita elfu. Iandike ukutani kwenye kibanda cha pampu siku ya kwanza, maana ndiyo itakayosema siku mambo yakiharibika. Mwaka mmoja baadaye, soma dira ya maji na Luku kwa saa moja. Tuseme umepata lita 3,750 kwa uniti 2.3. Hiyo ni uniti 0.61 kwa lita elfu.

Usikimbilie kulaumu pampu. Teremsha kipima maji pampu ikiwa inafanya kazi. Ukikuta maji yameshuka hadi mita 85, pampu inapandisha kutoka mbali zaidi. Tatizo ni kisima, pengine vichujio vimeziba au kiangazi kimekuwa kirefu. Ukikuta mita 62, maji yamepanda kwa sababu unayachota kidogo, na kisima ni kizima. Hapo ama mchanga umekula impela, ama bomba linavuja ndani ya kisima. Weka sikio mdomoni mwa kisima: bomba lililotoboka juu ya uso wa maji husikika likichuruza. Kukiwa kimya, kodi tripodi, mvute zile mita 100 za bomba, kisha uzungushe impela kwa mkono.