Kolone saba za kubishana na wazo baya



Kuna mawazo yenye kuja yenyewe, bila kuitwa. Unasoma mesaje kwa telefone, na mbele hujamaliza kusoma, kichwa kimeshasema: "Miye sina maana." Daktari Aaron Beck, wa Amerika, aliyaandika katika miaka ya 1960 na kuyaita mawazo otomatiki. Ni mafupi, yanapita mbio, na tunayaamini juu hatuna wakati wa kuyaangalia. Tablo ya mawazo inatupa ule wakati. Hii ya kolone saba ilienezwa na Dennis Greenberger na Christine Padesky katika kitabu chao cha 1995. Inaomba kaye, biki na dakika kama ishirini. Nitaieleza na mfano wa kwenye kaye yangu.

Kolone ya kwanza ni hali: nini, wapi, lini. Niliandika: "Siku ya Kwanza, saa mbili ya usiku, nyumbani. Mtu wa promosio yetu ametangaza kwenye grupu kwamba amepata kazi fulani. Miye pia nilipeleka dosie pale, wiki sita sasa, bila jibu." Sikuandika "walinizarau", juu hiyo tayari ni wazo, si hali.

Kolone ya pili ni hisia, kila moja kwa neno moja, na kipimo chake toka 0 mpaka 100. Huzuni 85, haya 70, hasira 40.

Kolone ya tatu ni mawazo, vile yalivyopita, na luga ile ile ya kichwani. "Banaajiri wenye kujuana tu." "Nyumbani nitasema nini?" "Siwezi pata kazi hata siku moja." Hapo ya pili ni swali, na swali haliwezi kupimwa. Jiulize unaogopa jibu gani, kisha andika jibu lenyewe: "Nyumbani bataniona mtu wa bure." Halafu tafuta wazo lenye moto kuliko yote. Ukibaki na hilo peke yake, huzuni itabaki ngapi? Kwangu ilikuwa "Siwezi pata kazi hata siku moja". Peke yake lilibeba 80. Nikalizungushia duara, na kazi yote inayofuata ni juu ya ile sentensi moja.

Kolone ya ine ni ushahidi wenye kulikubali. Hapa tunaandika tu kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukihakikisha. "Dosie 11 kwa miezi minane, mahojiano moja, kazi hapana." "Najisikia bure" si ushahidi.

Kolone ya tano ni ushahidi wenye kulikataa, na ndipo watu wengi wanakwama. Swali lenye kunisaidia ni hili: mdogo wangu angekuja na sentensi hii, ningemwonyesha nini? Niliandika: "Dosie saba kati ya 11 ziliomba uzoefu wa miaka mitatu, miye niko na mmoja. Nilifanya anketi ya miezi miwili, mkubwa wa kazi akaniita tena mara ya pili. Huyu mwenzetu naye alingoja miaka miwili." Angalia vizuri: kila jambo linajibu sentensi ile ile. "Mama ananipenda" ni kweli, lakini haisemi kitu juu ya kazi.

Kolone ya sita inaunganisha hizo mbili: "Dosie 11 hazijaleta kazi, na hiyo inauma. Lakini saba ziliomba uzoefu sina, na kule nilipoonekana kazini niliitwa tena. Kazi inachelewa, ushahidi kwamba haitakuja kamwe, sina." Andika pia unaiamini kiasi gani. Miye, 70.

Kolone ya saba, pima hisia tena. Huzuni 50, haya 40, hasira 40 vile vile. Haikufika sifuri, na haitafutwi ifike. Hasira haikutikisika juu ilikuwa ya wazo lingine, lile la kujuana, lenye kuomba tablo yake.

Kama hakuna kitu kilichoshuka, rudi nyuma. Pengine ulizungushia wazo lisilo na moto. Pengine kolone ya sita ni sukari, kama "Kesho nitapata kazi kubwa!", na moyo wako unajua ni uongo. Na pengine wazo ni la kweli. Hapo acha kubishana, andika mupango: nitafanya nini, lini, na nani. Miye niliandika: wiki hii, dosie tatu kwa nafasi zenye kuomba mwaka mmoja tu.

Moto ukiwa mkali sana, andika kolone tatu za kwanza, na zingine umalize kesho asubui. Lakini wazo likiwa la kujiumiza ao kujiua, usibaki na kaye. Usiku ule ule, ita mtu akae na wewe, na mwende kituo cha afya pamoja.