Hepi bethdei isiyouliza "unarudi lini?"

Chukua mfano wa mhasibu mmoja wa Dar es Salaam. Alianza likizo ya uzazi wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio, kama sheria inavyomruhusu, na mtoto akazaliwa tarehe ileile aliyoandikiwa kliniki. Leo mtoto anatimiza arobaini, na kwa bahati ni siku aliyozaliwa mama pia. Asubuhi na mapema kundi la wasapu la ofisini linaanza kulia: "Hepi bethdei dada! Tumekumisi mno, ofisi imepooza, mahesabu ya mwisho wa mwezi yanakusubiri. Rudi haraka, na tutumie picha ya bebi!"

Aliyeandika hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini mpokeaji ni mhasibu, naye hesabu anazijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 zenye malipo, au 100 kama angejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 28 zilipita kabla ya kujifungua na 40 baada yake, jumla 68. Zimebaki 16. Mtoto bado anaamka mara nne usiku, wa kumlea mchana hajapatikana, na salamu ya kwanza ya siku yake inamkumbusha mafaili.

Neno "rudi haraka" ni rahisi kuligundua. Yapo mengine yanayojificha. "Usijali, kazi zako tunazibeba sisi" linasikika kama msaada, lakini humwachia deni asiloliomba. "Nafasi yako ipo, usiogope" ni baya zaidi: sheria yenyewe inasema atarejea kwa masharti yaleyale ya kazi, kwa hiyo mtu akiahidiwa haki yake kana kwamba ni fadhila, ndipo anapoanza kujiuliza kumetokea nini huko ofisini. Hata "pumzika vizuri" lina mwiba wake. Mzazi gani wa siku 40 anapumzika?

Ombi la picha nalo linahitaji busara. Familia nyingi hazipendi sura ya mtoto izunguke kwenye simu za watu akiwa bado mchanga, na anayeombwa mbele ya kundi zima hukataa kwa shida. Mwili wa mama, kama amenenepa au amekonda, haumo kabisa kwenye salamu hizi.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulisahau. Tangu ajifungue, huenda kila mtu anamwita Mama Fulani, kuanzia muuguzi wa kliniki hadi jirani. Siku ya kuzaliwa ni yake yeye, si ya mtoto. Basi ujumbe uanze na jina lake mwenyewe, lile lililokuwa likiitwa ofisini, kisha ufuate kitu kinachomhusu yeye peke yake. Kwa mhasibu wetu ungeweza kuwa hivi:

"Dada yetu, heri ya siku ya kuzaliwa! Leo saa nne tulikunywa chai kwa maandazi ya yule mama wa getini uliyetufundisha kumnunulia mapema kabla hayajaisha, tukakutaja na kucheka. Mungu akupe afya na furaha, wewe na wote nyumbani. Wala usihangaike kujibu, tumekusalimu tu."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mama anayenyonyesha anashika simu kwa mkono mmoja, pengine saa tisa usiku; ujumbe wenye swali unamdai, usio na swali anausoma na kuuweka. Kwa sababu hiyo maandishi ni bora kuliko kupiga simu, na ujumbe mmoja uliotumwa kwake kwa niaba ya wote ni bora kuliko salamu 30 za kwenye kundi. Mchango ukiwepo, utumwe kwa simu na maneno "ya kwako", maana zawadi nyingi za wakati huu huishia kuwa nepi.

Ikiwa ujauzito au uzazi ulikuwa na matatizo, au habari za mtoto hazijulikani, mtoto asitajwe. Salamu kwa mama zinatosha.

Mambo ya kazi yana mahali pake. Tarehe ya kurejea, au yale masaa mawili kwa siku ambayo sheria inamruhusu kunyonyesha akisharudi kazini, ni ya ofisa utumishi, kwa ujumbe mwingine na siku nyingine. Yakibandikwa chini ya hepi bethdei, hata baada ya keki na maua yote ya kwenye simu, ndiyo atakayoyakumbuka.

Na jibu likichelewa? Huenda likaja siku ya tatu, usiku wa manane, likiwa na neno moja: "Maandazi!"