Laki Mbili Mkononi: Uuze, Utoe Huduma au Ukodishe?

Mwenye mtaji wa shilingi 200,000 Dar es Salaam aangalie kwanza hela yake itarudi mkononi lini. Biashara ndogo nyingi hufa mtaji ukiwa umekwama mahali, ingawa faida kwenye hesabu ilikuwepo.

Chukua kukodisha viti vya plastiki vya shughuli, kazi inayowavutia wengi kwa sababu kifaa kinafanya kazi wewe umekaa. Tuseme kiti ni 15,000. Utapata viti 13 kwa 195,000. Ukikodisha kila kimoja kwa 500, shughuli moja inakuingizia 6,500, kwa hiyo unahitaji shughuli 30 ndipo urudishe ulichotoa, kabla ya kiti kuvunjika au kupotea. Tena mwenye msiba au harusi anatafuta viti 50 au 100. Hivyo 13 vyako hatavihangaikia. Kukodisha kunataka idadi ya kutosha tangu siku ya kwanza.

Nyanya zinarudisha hela haraka zaidi. Tuseme tenga pamoja na usafiri ni 45,000, nawe ukapanga mafungu 60 ya 1,000. Yakiisha yote, faida ni 15,000 ndani ya siku mbili au tatu. Mafungu 15 yakioza, umerudisha mtaji tu, jasho limekwenda bure. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba tenga lifunguliwe uone za chini, maana juu hupangwa nzuri. Usinunue matenga manne kwa sababu tu hela inatosha. Nunua moja, ujue mtaa wako unamaliza mafungu mangapi kwa siku.

Huduma ndiyo inayokula mtaji kidogo. Msusi anahitaji vitana, kioo na kiti; rasta mteja anaweza kuja nazo mwenyewe. Akilipwa 15,000 kwa kichwa, karibu yote ni malipo ya mikono yake, na hakuna kinachooza asipopata mteja. Kikomo chake ni muda: mtindo mmoja unaweza kumaliza nusu siku, na akiugua kipato kinasimama. Kinachowaumiza wasusi wengi ni mkopo wa majirani, "nitakupa mwisho wa mwezi". Basi bei itajwe kabla ya kitana kugusa nywele, na angalau nusu ilipwe hapohapo.

Kama una ujuzi ambao watu tayari wanaulipia, anza na huduma. Kama huna, uza bidhaa inayoisha ndani ya siku chache, kwa kiasi kidogo. Kukodisha kusubiri hadi faida, siyo mtaji wa kwanza, itoshe kununua seti nzima ambayo mteja ataichukua kwa mara moja.