Dola Kumi Zinapokatwa Shilingi 26,930: Jinsi ya Kusoma Makato ya Huduma za Mtandaoni Zinazolipiwa Nje ya Nchi

Mtumiaji anayejiunga na huduma ya filamu, muziki, hifadhi ya picha au programu ya kompyuta inayotolewa na kampuni ya nje ya nchi huoneshwa bei kwa fedha za kigeni, mara nyingi dola za Marekani. Akaunti yake, hata hivyo, hukatwa shilingi. Katikati ya bei hiyo na makato hayo kuna hesabu ambayo haioneshwi yote mahali pamoja. Kwa kuwa malipo ya aina hii hujirudia kila mwezi bila mtumiaji kuombwa idhini upya, tofauti ndogo asiyoielewa huendelea kukatwa mwaka mzima.

Makala haya yanaeleza namna ya kuipata tofauti hiyo kwa kutumia taarifa yako ya benki.

Mfano wa hesabu

Tuchukulie kwamba umejiunga na huduma ya dola 10 kwa mwezi, na kwamba siku ya malipo kiwango cha wastani kilichotangazwa na Benki Kuu ya Tanzania ni shilingi 2,500 kwa dola. Viwango vilivyotumika hapa ni vya mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi. Kwa kiwango hicho, dola 10 ni sawa na shilingi 25,000. Katika taarifa ya benki, hata hivyo, unakuta mistari miwili: wa kwanza unaonesha malipo ya shilingi 25,750, na wa pili, chini yake au siku inayofuata, unaonesha tozo ya shilingi 1,180. Jumla ni shilingi 26,930.

Shilingi 1,930 zilizozidi zimetokana na mambo mawili tofauti.

La kwanza ni nyongeza iliyomo ndani ya kiwango cha ubadilishaji. Gawanya shilingi 25,750 kwa dola 10, utapata 2,575. Hicho ndicho kiwango ulichotozwa, nacho kinazidi kile cha Benki Kuu kwa shilingi 75 kwa kila dola, yaani asilimia 3. Nyongeza hii haina mstari wake kwenye taarifa, wala haiitwi tozo. Hujulikana kwa kugawanya tu. Sehemu yake hutokana na kiwango cha mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard, na sehemu nyingine huongezwa na benki iliyokupa kadi.

La pili ni tozo ya muamala wa nje, ambayo katika mfano huu ni shilingi 1,180 ikiwa pamoja na kodi. Benki nyingine hutoza asilimia ya malipo, nyingine hutoza kiasi kisichobadilika, na nyingine huunganisha vyote viwili. Mahali pa kuithibitisha ni jedwali la tozo la benki yako.

Aina ya tozo ina uzito mkubwa kwa malipo madogo. Ikiwa kiasi hakibadiliki, malipo kumi na mawili ya dola 10 yatakatwa tozo mara kumi na mbili, na ziada ya mwaka itafikia shilingi 23,160. Dola 120 zikilipwa kwa mkupuo mmoja, kwa viwango vilevile, ziada itakuwa shilingi 10,180. Hata hivyo, kabla ya kulipia mwaka mzima, soma masharti ya kujitoa, kwa sababu huduma nyingi hazirejeshi fedha za miezi ambayo haikutumika.

Unapoulizwa kuchagua sarafu

Baadhi ya tovuti, wakati wa kulipa, humpa mteja chaguo mbili: Pay in USD au Pay in TZS. Chaguo la shilingi huonekana salama zaidi kwa sababu kiasi kinajulikana papo hapo. Kinachofanyika ni kwamba ubadilishaji hufanywa na upande wa muuzaji badala ya mtandao wa kadi na benki yako, na kiwango hupangwa na upande huo.

Tuseme tovuti inakuonesha shilingi 26,750 badala ya dola 10. Kiwango hicho ni shilingi 2,675 kwa dola, yaani asilimia 7 juu ya kile cha Benki Kuu. Zaidi ya hapo, benki yako inaweza bado kukata tozo ya muamala wa nje, kwa kuwa malipo yamepokelewa na benki ya nchi nyingine hata kama yameandikwa kwa shilingi. Jumla itakuwa shilingi 27,930, yaani shilingi 1,000 zaidi ya kulipa kwa dola.

Chaguo hili ni tofauti na bei ambayo kampuni yenyewe imeipanga kwa shilingi kwa ajili ya wateja wa Tanzania. Bei ya namna hiyo huwa ya shilingi tangu ukurasa wa kwanza, na haiambatani na kiwango cha ubadilishaji. Ukiona bei ya dola kwanza, kisha kiwango na kiasi cha shilingi kwenye hatua ya mwisho, fahamu kwamba unauziwa ubadilishaji. Gawanya kabla ya kukubali.

Kwa nini ujumbe wa simu na taarifa havilingani

Malipo ya kadi hupitia hatua mbili. Kwanza benki huidhinisha malipo na kuzuia kiasi cha makadirio. Hapo ndipo hutuma ujumbe mfupi. Siku moja au zaidi baadaye, muuzaji hudai fedha zake na malipo huingizwa rasmi kwenye akaunti, pengine kwa kiwango kilichokwisha kubadilika. Tofauti ndogo kati ya hatua hizo si dalili ya wizi. Kadhalika, fedha zikirejeshwa hubadilishwa kwa kiwango cha siku ya kurejeshwa, kwa hiyo kiasi kinaweza kupungua au kuongezeka, na tozo ya awali huenda isirudi.

Yanayostahili kuulizwa ni haya: malipo mawili yaliyoingizwa rasmi kwa mwezi mmoja, malipo yaliyoendelea baada ya kujitoa, au tozo isiyokuwamo katika jedwali la benki.

Hatua za kuchukua

Anza na risiti ya mtoa huduma badala ya bei ya tangazo, kwani kodi ya ongezeko la thamani inaweza kuwa imeongezwa juu ya bei hiyo. Kisha chukua kiwango cha Benki Kuu cha siku hiyo, kinachopatikana katika tovuti yake, na ufanye mgawanyo ulioelezwa hapo juu.

Ukijitoa katika huduma, fanya hivyo ndani ya akaunti yako kwa mtoa huduma, na utunze uthibitisho. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo.

Ukiona kosa, andikia benki yako malalamiko mapema, kwa kuwa haki ya kupinga malipo ya kadi ina ukomo wa muda. Taja tarehe, jina la muuzaji kama lilivyoandikwa kwenye taarifa, kiasi cha dola na cha shilingi, kisha ambatisha risiti. Omba upewe kumbukumbu namba ya lalamiko. Usiporidhika na majibu ya benki, unaweza kulifikisha lalamiko hilo Benki Kuu ya Tanzania pamoja na nakala za mawasiliano yote.