Viza ya Mchumba: Herufi Moja Isiwaharibie Posa

Mchumba yuko Ujerumani, wewe uko Karatu. Posa ni Jumamosi, Jumapili mnashuka wote kreta ya Ngorongoro. Kilichobaki ni viza, na mwenzio anasema ataijaza mtandaoni usiku mmoja tu, haina shida. Dada, kaa naye kwenye simu wakati anajaza, maana ada ikishalipwa hairudi.

Anza na tovuti yenyewe. Ukitafuta viza ya Tanzania kwenye Google, zinazotokea juu mara nyingi ni matangazo ya kulipia, zina bendera yetu na picha za tembo kabisa! Usiangalie sura, soma anwani. Ya Idara ya Uhamiaji ni visa.immigration.go.tz, na hiyo go.tz wanapewa ofisi za serikali tu. Kama kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya https:// anwani inaishia .com au .org, hao ni madalali au matapeli, hata wakijiita nani. Bei nayo inasema: viza ya kawaida ya kuingia mara moja kwa Mjerumani ni dola 50. Akidaiwa 90 au 120, afunge ukurasa.

Sasa jina, hapa ndipo wengi wanapoteleza. Tuseme anaitwa Jonas Peter Müller. Chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti kuna mistari miwili inayosomwa na mashine. Wa kwanza uko hivi:

```
P<D<<MUELLER<<JONAS<PETER<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Baada ya alama ya nchi, D, linakuja jina la ukoo, kisha << ndipo majina yake mengine. Umeona ile u yenye nukta mbili imekuwa UE? Basi anakili hivyo hivyo: ukoo MUELLER, majina JONAS PETER. Asiseme "Peter silitumii", akaliacha. Tiketi ya ndege nayo ifuate pasipoti. Na kwenye namba ya pasipoti, Wajerumani hawatumii herufi O. Akiona duara, hiyo ni sifuri.

Picha je? Ile selfi aliyovaa miwani ya jua mliyopiga ukingoni mwa kreta mwaka jana, mwachie fremu ya sebuleni. Inatakiwa picha ya pasipoti ya karibuni, uso wote mbele, nyuma kweupe bila kivuli. Ukurasa wa pasipoti nao aupige bila mng'ao wa flashi, na ile mistari miwili isikatwe.

Kabla hajalipa, akutumie picha ya fomu na ya pasipoti, uzilinganishe herufi kwa herufi. Na kama viza itachelewa, Mjerumani bado anaweza kuikata akitua KIA kwa dola 50 zile zile. Ila foleni ikiwa ndefu, wazee Karatu watasubiri na chai itapoa.