Kwa nini odi hubadilika kabla ya mechi

Tuseme asubuhi timu ya nyumbani ina odi ya 2.00, sawa na nafasi ya asilimia 50, faida ya kampuni ikiwemo. Kikosi kinatangazwa, mshambuliaji tegemeo hayumo. Odi inapanda hadi 2.20, yaani asilimia 45 hivi.

Wakati mwingine odi husogea bila habari yoyote. Kampuni imepokea dau kubwa la mtu ambaye rekodi yake inaonyesha huwahi odi nzuri kabla haijashuka. Hizo ndizo pesa za wajuzi: kampuni huzipa uzito kuliko mikeka mingi ya mashabiki. Ukiibeti timu ileile baada ya odi kushuka hadi 1.90, umechelewa, nafuu wameshaichukua wao.