Kuchua Mikono na Harufu Nyepesi: Namna ya Kumtuliza Mzee Mwenye Ugonjwa wa Kupoteza Kumbukumbu

Jua linapoanza kuzama nyuma ya migomba ya Old Moshi, katika baadhi ya kaya huanza saa ngumu kuliko zote za siku. Mzee aliyeshinda ametulia huinuka, huvuta kitasa cha mlango, huuliza swali lilelile mara kwa mara, au hutaka kwenda mahali ambapo hapapo tena. Hali hiyo ya kutotulia nyakati za jioni huwapata wazee wengi wenye demenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu, uelewa na uwezo wa kujihudumia.

Mkoa wa Kilimanjaro ni miongoni mwa maeneo machache nchini ambako ugonjwa huo umepimwa katika jamii. Utafiti uliofanyika kuanzia mwaka 2009 katika Wilaya ya Hai, jirani na Moshi, uliwahusisha watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na watafiti wakakadiria kuwa asilimia 6.4 ya wazee wa umri huo wana demenshia. Wengi wao hutunzwa nyumbani na mke, binti, mke wa mtoto au mjukuu. Wachache wasio na ndugu hupokelewa katika makazi ya wazee, yakiwamo ya Serikali yaliyopo Njoro, Manispaa ya Moshi.

Miongoni mwa njia zisizo za dawa zinazoweza kutumiwa na mlezi wa kawaida ni kuchua mikono ya mzee kwa upole, pamoja au bila ya harufu nyepesi. Njia hiyo haiponyi demenshia wala haizuii kuendelea kwake. Lengo lake ni kupunguza fadhaa kwa muda, hasa saa ile ambayo mzee hushindwa kutulia.

Mkono au harufu?

Swali la kwanza ni kipi hasa kinachotuliza. Mwaka 2002 watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wazee 72 wenye demenshia kali. Baadhi walipakwa losheni yenye mafuta ya melisa, mmea wa jamii ya mnanaa wenye harufu inayofanana na ya ndimu, na wengine wakapakwa losheni isiyo na mafuta hayo. Waliopakwa melisa walionekana kutulia zaidi, na habari hiyo ikazipa nguvu bidhaa nyingi za manukato.

Hata hivyo, jaribio jingine kubwa zaidi lililochapishwa mwaka 2011, likihusisha wazee 114, halikupata tofauti hiyo. Wazee wa makundi yote walipata nafuu, wakiwamo waliopakwa mafuta yasiyo na melisa. Mapitio ya tafiti 13 yaliyotolewa mwaka 2020 nayo yalihitimisha kuwa hakuna ushahidi wa kutosha kwamba harufu pekee inawasaidia wagonjwa wa demenshia. Sababu mojawapo inayoweza kueleza jambo hilo ni kwamba ugonjwa wa Alzaima, ambao ndio chanzo kikuu cha demenshia, hudhoofisha uwezo wa kunusa mapema. Mzee anaweza kupakwa mafuta ya bei ghali asiyanuse kabisa.

Kwa upande wa mikono, utafiti wa mwaka 2002 nchini Marekani uliohusisha wazee 68 ulionyesha kuwa kuchuliwa mikono kwa dakika 10 kulipunguza fadhaa, na nafuu ilidumu hadi saa moja baadaye. Kwa hiyo mlezi anashauriwa kuutegemea zaidi mguso wa mkono, na kuichukulia harufu kuwa nyongeza tu, tena pale mzee anapoonyesha kuifurahia.

Kabla ya kuanza

Fadhaa mara nyingi ni lugha ya mtu asiyeweza tena kusema kinachomsumbua. Kabla ya kumchua, mlezi achunguze iwapo mzee ana kiu, njaa, baridi, maumivu ya jino au kiungo, choo kigumu au haja ndogo. Iwapo fadhaa imeanza ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, au mzee amekuwa na usingizi usio wa kawaida, homa au maneno yasiyoeleweka, huenda ana maambukizi kama malaria au ya njia ya mkojo. Huyo apelekwe zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo. Kumtuliza kwa mafuta kutachelewesha matibabu.

Hatua za kuchua

Mlezi aanze robo saa kabla ya muda ambao mzee huanza kuhangaika, kwa kuwa ni rahisi kumtuliza mtu kabla hajasimama kuliko baada ya kufika mlangoni. Avue pete na saa, akate kucha, anawe na kuipasha mikono yake joto. Aketi mbele ya mzee kwa upande kidogo, katika kimo kilekile, kisha amwamkie na kumwomba ruhusa: “Shikamoo, mama. Naomba nikupake mafuta mikononi.” Kwa kuwa mgonjwa wa demenshia anaweza kupoteza lugha aliyojifunza baadaye na kubaki na ile ya utotoni, mzee asiyejibu Kiswahili huenda akaitikia kwa Kichaga.

Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula, kama ya alizeti, nazi au parachichi, hutosha mikono yote miwili. Mlezi aushike mkono wa mzee kwa chini ili uzito wake ubebwe, kisha aupapase mgongo wa mkono kutoka kwenye kifundo hadi ncha za vidole, polepole, mara tano au sita. Baada ya hapo apitishe vidole vyake katika kila kidole kutoka shinani hadi nchani bila kukivuta, ageuze kiganja na kukizungusha kwa dole gumba kwa mwendo mpana. Amalizie kwa kuufunika mkono wa mzee kati ya viganja vyake kwa muda mfupi. Dakika tano kwa kila mkono zinatosha. Mwishoni apanguse mafuta kwa kitambaa, ili mzee asijipake machoni wala fimbo isimteleze.

Ngozi ya mzee ni nyembamba na huchanika kwa urahisi, hivyo msukumo uwe mwepesi kama wa kupaka losheni mtoto mchanga. Mkono wenye jeraha, uvimbe, mfupa uliovunjika au joto lisilo la kawaida usiguswe. Mzee akivuta mkono, akikunja ngumi, akikunja uso au akigeukia pembeni, amekataa, na mlezi aache bila kumlazimisha. Wapo wazee wasiopenda kuguswa kabisa.

Matumizi ya harufu

Harufu ichaguliwe kwa kufuata maisha ya mzee mwenyewe. Jani bichi la mchaichai lililopondwa na kufungwa katika leso safi, au punje chache za kahawa iliyokaangwa, vinaweza kuwa na maana zaidi kwa mkulima wa Old Moshi kuliko chupa iliyoagizwa kutoka mbali. Leso hiyo iwekwe karibu naye wakati wa kuchuliwa, na iondolewe baadaye ili asitafune majani au punje.

Anayetumia mafuta ya kunukia yaliyokamuliwa viwandani asiyapake yakiwa halisi. Tone moja katika kijiko cha chai cha mafuta ya kula, ambalo ni takriban asilimia moja, linatosha. Mchanganyiko huo upakwe kwanza kidogo upande wa ndani wa kiwiko na kuangaliwa kwa saa 24. Ngozi ikiwasha au kuwa nyekundu, usitumike. Mafuta ya karafuu huunguza ngozi laini, na ya mkaratusi hayafai kwa mwenye kifafa au pumu. Chupa ifungiwe kabatini, kwani mzee mwenye demenshia anaweza kuinywa akidhani ni kinywaji. Kufukiza ubani kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, jambo linaloweza kushawishi wakati wa baridi ya mlimani, ni hatari kwa sababu ya moto na hewa ya sumu.

Mfano wa kaya moja

Kwa kielelezo, chukulia bibi wa miaka 82 anayeishi Kidia na mke wa mwanawe. Kila ifikapo saa 11 jioni huchukua kamba na kuelekea getini, akisema anakwenda kukata majani ya ng’ombe, ilhali ng’ombe waliuzwa miaka mingi iliyopita. Njia ni ya mteremko, na ameshaanguka mara moja.

Mke wa mwanawe anampeleka kwanza zahanati, ambako inabainika kuwa hajapata choo kwa siku nne. Baada ya kutibiwa anahangaika kidogo zaidi ya awali, lakini safari za getini zinaendelea. Mlezi anafungua daftari na kwa wiki moja anaandika tu kinachotokea, bila kubadili lolote: jioni sita kati ya saba bibi anafika getini. Wiki ya pili anamchua mikono saa 10:45 jioni kwa mafuta ya alizeti, na jioni za getini zinashuka hadi tatu. Wiki ya tatu anaongeza leso ya mchaichai, zinabaki tatu.

Daftari hilo linamweleza mambo mawili. Kuchua kunaelekea kumsaidia bibi huyo, ila hakumalizi tatizo, hivyo geti bado linahitaji kufungwa na mtu kuwa karibu naye. Aidha, mchaichai haujaongeza nafuu inayoonekana, na hakuna sababu ya kununua chupa ya manukato. Kama hesabu za wiki ya pili zingebaki sita, angepaswa kujaribu muda mwingine, kisha kuacha njia hiyo. Wiki tatu ni muda mfupi na hali ya mzee hubadilika, kwa hiyo kuandika kunaendelea.

Daftari la namna hiyo lina faida pia mbele ya mtaalamu wa afya. Dawa kali za kutuliza akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demenshia, hivyo uamuzi wa kuzitumia huhitaji kujua fadhaa hutokea saa ngapi, mara ngapi, na ni nini kilichokwisha kujaribiwa. Mlezi anayefika kituo cha afya akiwa na daftari hilo ana majibu ya maswali yote matatu.